Shilingi Arobaini za Mkwe

Mimi Tecla Namalwa nimeuza kuku Chwele miaka kumi na saba, na sijawahi kumwogopa mtu. Nimegombana na madereva wa mabasi, nimegombana na askari wa kaunti, na marehemu mume wangu alikuwa akisikia nikivua viatu mlangoni anajua leo kuna kesi. Lakini kuna kitu kilichonifanya ninyamaze na kushika mdomo. Ni Kijaluba.

Kijaluba ni ile programu ya mikopo iliyo ndani ya simu. Haina ofisi Chwele, haina meneja wa kusalimiwa, haina karani wa kukuambia urudi kesho. Siku ya kwanza binti yangu Metrine aliponiwekea, ilinipa shilingi mia tano. Ada ilikuwa sabini na tano, yaani asilimia kumi na tano. Nilicheka. Mia tano kwa mfanyabiashara ni nini? Nusu jogoo. Nikainunulia vifaranga, nikaviuza, nikalipa siku tatu kabla ya tarehe, hasa kwa sababu sipendi kudaiwa na kitu nisichokiona uso.

Siku ileile ikaniandikia kwamba sasa naweza kuchukua mia nane. Nikachukua, nikalipa. Ikaja elfu moja na mia tano. Nikachukua, nikalipa. Ilipofika elfu tano, ada ikashuka ikawa kumi na mbili kwa mia. Ilipofika elfu ishirini ikawa tisa. Nikakaa nikajiuliza, huyu ananijulia wapi? Dada yangu wa tumbo moja hajawahi kunikopesha zaidi ya debe la mahindi, na hilo alilitangazia kijiji kizima. Hiki kitu hakijui kama mimi ni mnene au mwembamba, lakini kinajua kwamba deni la tarehe kumi na nne nililipa tarehe kumi na mbili. Kinakumbuka. Miaka minne baadaye kilikuwa kinanipa elfu arobaini na tano kwa ada ya asilimia sita.

Pale sokoni kila mtu alikuwa na elimu yake juu ya Kijaluba. Mukhwana, ambaye meza yake ya kuku iko mkabala na yangu na ulimi wake hauna likizo, alishikilia kwamba ukikopa simu ikiwa imejaa chaji unapewa zaidi.

"Simu ikiwa asilimia kumi, nayo inakuona uko asilimia kumi," alisema.

"Wewe simu yako iko kwa chaji tangu asubuhi," nikamwambia. "Mbona bado uko elfu mbili?"

"Mimi waliniroga."

"Hukulipa mwezi wa nne."

"Nililipa mwezi wa sita. Si ni kulipa?"

Hapo ndipo alipokosea, na nilimcheka kweli. Nawaambia nilicheka ili mjue kilichonipata baadaye hakikunionea.

Mwezi wa Desemba Bwana Githaiga wa Nairobi alinipigia. Ana hoteli Kawangware, na mwaka mzima nimekuwa nikimtumia kuku kumi, kuku kumi na tano. Safari hii alitaka majogoo hamsini ya kienyeji, yafike tarehe ishirini na mbili, kwa shilingi elfu moja mia nne na hamsini kila mmoja. Nikamwomba atangulize kitu.

"Mama, sitoi pesa kwa kuku ambaye sijamwona miguu," alisema. "Ukishindwa nijulishe mapema, kuna kijana wa Kakamega ananisumbua kila siku. Akileta Krismasi, basi ni yeye mwaka ujao wote."

Nikamwambia sishindwi. Nilikuwa na elfu kumi na tatu zangu mwenyewe. Jogoo mzuri wakati huo ni elfu moja mkononi mwa mkulima, hivyo hamsini ni elfu hamsini, na nauli ya matenga kwenye basi ni elfu tatu. Nilipungukiwa elfu arobaini, na Kijaluba kilikuwa kinanipa elfu arobaini na tano. Nililala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya soko. Asubuhi nilimaliza kukamua, nikakaa kwenye kigoda mlangoni, nikafungua simu.

Haikunionyesha pale pa kukopa. Ilinionyesha maandishi mekundu: *Una mkopo uliopitiliza tarehe kwa siku 11. Lipa Sh 43 ili uendelee.*

Nikasoma mara tatu. Arobaini na tatu. Nikadhani wamesahau kuandika elfu. Nikalipa hizo arobaini na tatu papo hapo, nikitukana kimoyomoyo, na wekundu ukaondoka. Halafu ikaniandikia: *Asante Tecla. Kiwango chako kipya ni Sh 4,000. Ada ni asilimia 14.*

Ng'ombe alikuwa analia anataka maji na mimi sikuinuka. Nilihisi kama mtu aliyeondolewa kiti wakati anakaa. Miaka minne ya kulipa kabla ya tarehe, halafu arobaini na tatu.

Nikapiga namba ya wahudumu. Akashika msichana mwenye sauti ya upole, nikammwagia yote niliyokuwa nayo tumboni. Alisubiri nikamaliza. Nikamsikia akibonyezabonyeza.

"Mama Tecla, naona mkopo wako wa mwezi wa Novemba, elfu kumi, na ada mia sita. Jumla elfu kumi na mia sita. Siku ya mwisho iliingia elfu kumi mia tano na sitini. Zilibaki arobaini. Shilingi tatu ni za kuchelewa."

"Sasa mwanangu, kwa arobaini unamtupa mtu?"

"Si mimi, mama. Mfumo hauangalii zimebaki ngapi. Unaangalia mkopo umefungwa au haujafungwa tarehe yake ikifika. Hata ikibaki shilingi moja, haujafungwa. Wako ulikaa wazi siku kumi na moja, ukahesabiwa umechelewa siku kumi na moja. Na ulikuwa mkopo wako wa mwisho, huo wa mwisho ndio wenye uzito zaidi."

"Na ile mingine yote niliyolipa vizuri?"

"Iko. Haijafutwa. Ndiyo maana umepewa elfu nne, wengine wangerudi mia tano. Ukikopa hizo na kulipa kwa wakati, kiwango kitapanda tena, na ada itashuka. Polepole lakini."

"Polepole ni lini?"

"Siwezi kukudanganya, mama. Si kesho."

Nilimshukuru, kwa sababu hakunidanganya. Kisha hasira yangu ikatafuta pa kukaa, na ikapata haraka. Elfu kumi za Novemba hazikuwa zangu. Nilimkopea mkwe wangu, Kisiangani.

Kisiangani ndiye mume wa Metrine. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza milango na madirisha pale Kimilili. Metrine alipofikisha siku za kujifungua, ilibidi apasuliwe, na hospitali ikataka pesa. Kisiangani naye ana Kijaluba chake, lakini alikuwa na mkopo wazi wa kununulia vyuma, na Kijaluba hakikupi wa pili kabla hujafunga wa kwanza. Basi Metrine akanipigia akiwa kitandani, nami ningesemaje? Nilikopa kwa laini yangu nikawatumia. Makubaliano yalikuwa kwamba Kisiangani atalipa yeye mwenyewe moja kwa moja, kwa namba ya malipo, akiandika namba yangu ya simu.

Sasa muelewe kwamba kwetu mama na mkwe wake wa kiume hawazungumzi ana kwa ana. Hatuli meza moja, hatupeani mkono, na akinikuta njiani ataingia kwenye mahindi ya watu anipishe. Ni heshima. Kwa miaka mitatu nimemjua Kisiangani kwa mgongo wake na kikohozi chake. Kwa hiyo nilimpigia Metrine.

"Mume wako ameniua," nikamwambia bila salamu.

"Mama, kuna nini?"

"Arobaini. Alibakisha shilingi arobaini kwenye mkopo wangu. Mtu mzima, fundi, ana mashine ya umeme, anashindwa na arobaini. Sasa nimeshushwa kutoka elfu arobaini na tano hadi elfu nne, na kesho nanunua majogoo ya Githaiga. Nanunua na nini? Na nywele zangu?"

 Mtoto alikuwa analialia nyuma ya Metrine.

"Mama, usikasirike."

"Nimeshakasirika."

"Siku ile alikuwa na elfu kumi na mia sita kamili kwa laini yake. Akasahau kwamba kulipa kuna makato, na yeye ndiye anayekatwa. Ikabidi apunguze arobaini ndiyo itoke. Akaniambia jioni ileile, mpigie mama, mwambie zimebaki arobaini, na zisipolipwa leo ataharibikiwa. Nikakupigia. Ulikuwa kwa matenga, kuku wanapiga kelele. Unakumbuka ulisema nini?"

Nilikumbuka alipouliza tu. 

Nilisema hivi, tena kwa sauti, Mukhwana akisikia: "Arobaini? Mwambie asiziguse. Mkwe wangu hawezi kunirudishia vijisenti kama muuza njugu."

Niliona nimefanya jambo la kiungwana. Mama gani anamhesabia mkwe shilingi arobaini? Ningesemwa hadi Sirisia. Nikamsamehe nikiwa nimesimama katikati ya manyoya, nikajisikia mkubwa. Kumbe nasamehe deni ambalo si langu. Deni lilikuwa la Kijaluba, na Kijaluba hakina mkwe.

"Aliposikia umesema asiziguse, akajua utazilipa wewe," Metrine akasema. "Angewezaje kukubishia?"

"Na ujumbe wao? Mbona hawakuniambia?"

"Walikuandikia, mama. Wewe ulinifanya nizime sauti ya ujumbe wao, ukasema kila siku wanakuambia *kopa sasa, kopa sasa*."

 Nikamwambia salimia mtoto, nikakata simu. Nikampa ng'ombe maji, nikarudi kigodani. Nilikuwa na elfu kumi na tatu, na nikichukua zile nne ni kumi na saba. Majogoo kumi na manne na nauli. Kijana wa Kakamega nilimwona kabisa akilini, akitabasamu, na mwaka wangu mzima ukiwa ndani ya tenga lake. Nililia kidogo, si sana, kwa sababu kulikuwa na kuku wa kulishwa.

Saa tisa alasiri nikasikia pikipiki ikizimwa nje ya ua, halafu kikohozi. Kikohozi kile nakijua. Metrine akaingia na mtoto mgongoni. Nyuma yake, kwenye kona ya jiko, nikaona bega moja la shati la bluu lililotobolewa na cheche. Kisiangani alikuwa amesimama ukutani, amenipa mgongo, anatazama mgomba.

Nikavuta kigoda nikageukia upande mwingine, nikawa natazama zizi. Metrine akakaa katikati yetu. Kulikuwa na hatua sita baina yetu, kila mmoja anamsikia mwenzake hata akipumua.

"Mwambie mama tumemwamkua," Kisiangani akasema.

"Mama, amekuamkua."

"Mwambie nimeitika. Muulize kama njiani kulikuwa salama."

"Salama," akajibu ukuta.

Tukakaa. Mtoto akapiga chafya.

"Mwambie mama," akaanza tena, "kosa ni langu. Ningejua makato mapema yasingetokea."

"Mwambie asiniongezee dhambi," nikasema. "Kosa nalijua ni la nani. Nilijifanya mkarimu kwa pesa za wenyewe."

Nikamsikia akicheka puani, akajizuia.

"Mwambie mama mimi kwa Kijaluba changu nina elfu arobaini na moja. Ada saba. Mkopo wa vyuma nilishaufunga. Nimekuja tukope."

Nilitaka kugeuka nikazuia shingo. "Elfu arobaini na moja? Huyu?"

"Mama, si umwulize mwenyewe," Metrine akasema, halafu akakumbuka, akacheka. Akaenda hadi kwenye kona, akachukua simu ya mumewe, akaniletea mkononi.

Simu yenyewe ilikuwa na ufa kioo kizima na imefungwa mpira. Metrine akanifungulia pale panapoonyesha mikopo yote ya zamani. Nikaanza kusoma kutoka chini. Mia tano, imelipwa siku mbili kabla. Mia saba, imelipwa siku moja kabla. Elfu moja, kabla. Elfu moja na mia nne, kabla. Nikapandisha kwa kidole, na ikawa haiishi. Kuna miezi alikopa mara nne, elfu mbili mbili, za kununulia vijiti vya kuchomelea. Zote kabla. Nilifika mwezi wa Agosti mwaka jana, nikaukumbuka, kwa sababu ndio alioibiwa mashine karakana, na Metrine alikuwa akija kwangu kuchukua unga. Mwezi huo kulikuwa na mkopo wa elfu tisa. Ulilipwa siku moja kabla.

"Hii alilipa na nini?" nikauliza taratibu. "Hamkuwa na hata chumvi."

Metrine akatazama chini. "Alienda kubeba mawe kule Kibingei, mama. Siku kumi na mbili. Aliniambia nisikuambie."

Mikopo sitini na mitatu. Niliihesabu. Hapakuwa na wekundu hata mahali pamoja. Miaka mitatu nilikuwa nimeuona mgongo wa mtu huyu, na sasa nilikuwa nimeshika maisha yake mkononi, siku kwa siku, na yalikuwa safi. Nilishikwa na kitu kama kile ninachokihisi kanisani wanapoimba wote bila ngoma. Nikafikiri, Mungu wangu, mimi nimemlilia Githaiga, na mwanamume kama huyu alikuwa nyumbani kwangu nyuma ya jiko.

"Mwambie hapana," nikasema.

Metrine akashangaa. "Mama?"

"Mwambie hapana. Nikichelewa, hiki chote kinaanguka. Nimeona jinsi kinavyoanguka. Changu kilianguka kwa arobaini. Chake kitaanguka kwa kuku aliyekufa ndani ya basi. Halafu atanunua vyuma na nini?"

 Kisha Kisiangani akasema, safari hii bila kusema mwambie mama, akiuambia mgomba: "Metrine alipokuwa anapasuliwa, kuna aliyeuliza kama nitachelewa?"

 Metrine akampelekea simu, naye akabonyeza namba zake za siri, na baada ya muda mfupi simu yangu ikalia mfukoni mwa aproni. Elfu arobaini zimeingia. Atadaiwa elfu arobaini na mia nane mbili, ndani ya siku thelathini. Samahani, nimekosea hata sasa nikisimulia: elfu arobaini na mbili na mia nane. Hiyo namba niliiandika kwa mkaa ukutani mwa jiko, kubwa, ili kila nikipika niione.

Kesho yake nilinunua majogoo hamsini na mawili, mawili ya akiba, kwa sababu wakulima wawili waliniachia kwa mia tisa. Mukhwana aliponiona nahesabu noti akauliza nimechaji simu kiasi gani.

"Nimechaji mkwe," nikamwambia.

Majogoo yalifika Nairobi hamsini na moja hai. Githaiga akapokea hamsini, akasifu miguu, akanitumia elfu hamsini na mbili. Zilizobaki, elfu ishirini na mia tano, alisema nitapata Januari, wateja wake wa harusi hawajamlipa. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Kati ya zile alizotuma nikaweka kando elfu arobaini kamili, sikuzigusa hata kwa chumvi. Elfu kumi na mbili zilizobaki nikarudisha sokoni kununua kuku, kwa sababu mwenye kuku asiponunua Krismasi amejifungia biashara.

Kuku wale walikamatwa na ugonjwa wa mdondo. Kwa siku nne nilizika kuku tisa, na wale wazima hakuna aliyetaka hata kuwatazama. Januari ikaingia, Githaiga hashiki simu. Siku zikabaki saba, sita, tano. Nilipungukiwa elfu mbili na mia nane, na nyumba yangu haikuwa na hata mia tatu. Kila nilipowasha moto niliiona ile namba ya mkaa.

Zikiwa zimebaki siku tatu nilifungua zizi, nikamtoa mbuzi wangu wa kike, yule mwenye sikio moja jeupe, aliyekuwa na mimba. Mbuzi wa mimba hauzwi hivi hivi, jirani zangu walinitazama kama nimepagawa. Nilipata elfu nne na mia tano, wizi mtupu. Sikubishana. Labda ndiyo mara yangu ya kwanza Chwele kutobishana.

Nikaenda hadi kibanda cha wakala, nikaweka pesa zote kwenye laini, nikahakikisha na za makato zimo, nyingi kupita kiasi, maana makato nayajua sasa. Nikaingiza namba ya malipo. Nikaandika namba ya simu ya Kisiangani, nikamfanya wakala aisome kwa sauti mara mbili. Kwenye kiasi nikaandika elfu arobaini na mbili, mia nane na arobaini.

"Mama, umeniambia deni linaishia mia nane," wakala akasema. "Hizi arobaini za nini?"

"Bonyeza," nikamwambia.

Nilikaa pale kibandani bila kuondoka. Robo saa baadaye Metrine akapiga. Sauti yake ilikuwa imejaa kicheko na kitu kingine.

"Mama, umefunga. Siku tatu kabla. Wamemwandikia sasa hivi, kiwango kimepanda kimefika elfu arobaini na saba, na ada imeshuka imekuwa sita." Akashusha pumzi. "Tena wamesema amelipa zaidi. Arobaini zimebaki kwenye akaunti yake. Yuko hapa, amesimama tu, ameshika simu kwa mikono miwili. Anauliza akurudishie?"

Nikasikia kikohozi kile nyuma yake, karibu na simu kuliko kawaida.

"Mwambie asiziguse," nikasema.